Mafuriko, Mgomo na Mkataba: Muuzaji Anaponawa Mikono

Maneno haya wengi wetu tumeyasikia langoni. Mgomo umekwisha, watu wamerudi kwenye mashine, kisha meneja anasimama juu ya ngazi na kutangaza kwamba mnunuzi mkubwa amepotea kwa sababu ya mgomo, na kwamba kampuni haina la kufanya kwa kuwa mkataba umevunjwa na "nguvu kuu". Mwaka mwingine ni mafuriko. Barabara imekatika, daraja limekwenda na maji, na kampuni inasema haidaiwi tena na mtu yeyote. Baada ya tangazo hilo hufuata orodha ya majina ya watakaopunguzwa kazini.

Sisi katika ukurasa huu hatusemi kwamba tangazo la namna hiyo ni uongo siku zote. Mara nyingine ni kweli tupu. Lakini tumeona viongozi wa matawi wakinyamaza mbele ya maneno "nguvu kuu" kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kutolewa, nao hawajauona hata huo mkataba wenyewe. Basi tumeona afadhali tueleze kifungu hiki ni kitu gani, kinamwokoa muuzaji lini, na kinamwacha mikononi mwa mnunuzi lini.

Tuanze na jina. Wanasheria hulitumia kwa Kifaransa, na maana yake ni nguvu iliyo kubwa kumshinda mtu. Katika mikataba ya kuuziana bidhaa kwa kawaida hukaa karibu na mwisho, katika maandishi madogo yasiyosomwa na watu wengi. Humo huorodheshwa mambo: vita, moto, mafuriko, ukame, migomo, kufungiwa wafanyakazi nje ya lango, na "sababu nyingine yoyote iliyo nje ya uwezo wetu". Halafu husemwa kwamba likitokea mojawapo, muuzaji hatalaumiwa kwa kuchelewa au kwa kutopeleka bidhaa. Tazama, kwa njia, kwamba kufungiwa nje nako kumo orodhani. Hilo ni tendo la mwajiri mwenyewe, na bado limewekwa kando ya mafuriko na umeme wa radi. Orodha hizi ziliandikwa na wauzaji.

Nchi zetu hazitumii sheria moja. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi sheria ya mikataba ya Kiingereza, ingawa kila moja ina sheria yake iliyoandikwa. Ile ya Tanzania ilifuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872, na Uganda ilijitungia yake mwaka 2010. Katika njia hii ya Kiingereza "nguvu kuu" haina uwezo wowote peke yake. Ni maneno ya mkataba tu, na kama hayamo, hayamo. Muuzaji asiye na kifungu hicho hubaki na mlango mmoja mwembamba sana, yaani kuthibitisha kwamba kazi aliyoahidi imekuwa haiwezekani kabisa au imegeuka kuwa kitu kingine kisichokuwa kile kilichokubaliwa. Kongo na Burundi zilirithi njia ya Kibelgiji, na huko kanuni ya mikataba ya mwaka 1888 yenyewe inamsamehe mdaiwa aliyezuiwa na nguvu kuu, hata mkataba usiposema neno. Tangu mwaka 2012 Kongo inafuata pia sheria ya biashara ya umoja wa OHADA, ambayo nayo inamsamehe muuzaji aliyezuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Lakini hata huko jambo lenyewe lazima liwe limetoka nje, lisiwe limeweza kutazamiwa, na lisiwe limeweza kuzuilika.

Njia ni mbili, ila swali la msingi linafanana: je, jambo hilo kweli lilimzuia, na yeye alifanya alichoweza? Kesi zilizohukumiwa Uingereza hazizifungi mahakama zetu, lakini mahakimu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam huzisoma. Aidha bidhaa nyingi za mashamba yetu huuzwa nje kwa mikataba inayotaja sheria ya Kiingereza. Ndiyo maana tunazieleza hapa.

Kesi ambayo kila kiongozi wa tawi angefaa kuijua ni ile ya kampuni iitwayo B na S dhidi ya Victor Green, iliyochapishwa katika taarifa za sheria za mwaka 1984. Mambo yenyewe yalitokea mwaka 1979. Victor Green walikuwa waandaaji wa maonyesho ya biashara katika ukumbi wa Olympia, London. Walikuwa wamekwisha kuwapangisha wafanyabiashara wengine nafasi za vibanda. Wakaiajiri B na S kuvijenga vibanda hivyo kwa bei iliyozidi kidogo pauni 11,000. Katika mkataba kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba kila jitihada itafanywa kuutimiza, lakini kwamba utimizaji waweza kubadilishwa au kufutwa kwa sababu ya vita, migomo, kufungiwa nje, moto, mafuriko, ukame, au sababu nyingine iliyo nje ya uwezo wao.

Wafanyakazi waliokuwa wajenge vibanda walikuwa wamekwisha kupewa notisi ya kupunguzwa kazini. Wakasema hawatagusa msumari mpaka walipwe pauni 9,000 za kuagwa. Kisheria hawakuwa na haki ya fedha hizo, na mahakama ililisema hilo waziwazi. Hatuna sababu ya kulificha. Kampuni ikawapa ahadi ya pauni 4,500, yaani nusu. Wakakataa. Siku za maonyesho zilikuwa zimekaribia, na ukumbi ulikuwa mtupu.

Hapo mkurugenzi wa B na S akawaendea Victor Green na kuwaeleza kwamba pauni 4,500 zinapungua. Victor Green wakasema: vema, tutawapa fedha hizo sasa, ziwe sehemu ya malipo ya mkataba yaliyotangulizwa. Kampuni ikakataa. Ilitaka zitolewe juu ya bei, bila kurudishwa, na ikadokeza kwamba vinginevyo kazi haitafanyika na kifungu cha migomo kitawalinda. Victor Green hawakuwa na njia. Vibanda visipojengwa, wapangaji wote wangewadai fidia. Wakalipa. Watu wakapata fedha zao, vibanda vikasimama, maonyesho yakafanyika. Ilipofika kulipa ankara ya mwisho, Victor Green wakakata pauni 4,500 zilezile. B na S wakaenda mahakamani kuzidai.

Wakashindwa, na mahakama ya rufani ikathibitisha kushindwa kwao. Majaji walikitazama kifungu. Neno "migomo" limo, na mgomo ulikuwapo. Lakini kifungu kilisomwa kwa maana ya kwamba kampuni haiwezi kujificha nyuma yake mpaka iwe imechukua hatua zote za busara za kuuzuia mgomo au kuumaliza. Hapa mgomo ungeweza kumalizwa kwa fedha zilizokuwa zimewekwa mezani, mbele ya macho ya kampuni. Kuzipokea kama malipo ya mapema kusingeiumiza. Kwa hiyo mgomo haukuwa nje ya uwezo wake, kifungu hakikumlinda, tishio la kuacha kazi lilikuwa tishio la kuvunja mkataba, na fedha zilizotolewa kwa tishio hilo zilikuwa fedha za kulazimishwa.

Tuipime hukumu hii vizuri. Haisemi kwamba mwajiri lazima alipe kila dai linalotajwa. Kama watu wale wangedai pauni 100,000, hakuna jaji ambaye angesema ni busara kulipa. Inasema kwamba neno "mgomo" katika mkataba halimfungulii muuzaji mlango mara tu wafanyakazi wanapokunja mikono. Ataulizwa: ulizungumza nao? Ulikuwa na uwezo wa kumaliza jambo hili kwa gharama ya kiasi? Ulikataa kwa nini? Na kama mwajiri mwenyewe ndiye aliyeuchochea mgomo, kwa mfano kwa kushikilia mishahara iliyokwisha kuiva, ni vigumu sana kuona jinsi atakavyosimama mbele ya mnunuzi na kusema ulikuwa nje ya uwezo wake.

Mgomo wa watu wengine ni habari nyingine. Makuli wa bandari wakiweka chini mizigo, mwenye kiwanda cha chai hana meza ya kukaa nao. Hapo kifungu hufanya kazi yake sawasawa, ingawa bado ataulizwa kama kulikuwa na njia nyingine iliyoruhusiwa na mkataba. Na mgomo uliokuwa umekwisha kuanza siku ya kutia sahihi haumfai kitu mtu aliyeujua na bado akaahidi, hasa katika nchi zinazofuata njia ya Kibelgiji, ambako jambo lililoweza kutazamiwa si nguvu kuu hata kidogo.

Sasa mafuriko, na hapa wenzetu wa mashambani watusikilize, maana kuna tofauti moja ambayo huamua kesi nyingi za mazao. Ni tofauti kati ya kuahidi zao la shamba fulani na kuahidi zao tu.

Mwezi Machi mwaka 1872, huko Whaplode katika Uingereza, mkulima mmoja aliahidi kumuuzia mfanyabiashara tani 200 za viazi vitakavyoota katika ardhi yake mwenyewe. Shamba lilitosha, mwaka wa kawaida lingetoa zaidi ya hizo. Mwezi Agosti ugonjwa wa viazi ukaingia, naye akaweza kutoa karibu tani 80 tu. Mnunuzi akadai fidia ya zilizopungua. Mahakama, na mwaka 1876 mahakama ya rufani, zikamwachilia mkulima. Mkataba ulikuwa wa viazi vya shamba lile, na shamba lile halikuwa navyo. Angeahidi "tani 200 za viazi" bila kutaja shamba, angetakiwa aende sokoni akanunue vya watu wengine apeleke, hata kwa hasara.

Ndivyo ilivyo kwa mafuriko. Kampuni iliyouza chai au katani ya shamba lake lenye jina, na maji yakalifunika shamba hilo, ina hoja. Kampuni iliyouza tani kadhaa za katani ya daraja fulani, kutoka popote, haina hoja kwa sababu tu shamba lake limezama, maana katani ya daraja hilo ipo kwa jirani. Hapo itamlazimu ionyeshe kwamba kifungu chake kinakwenda mbali zaidi, au kwamba kweli hapakuwa na njia yoyote ya kuipata. Basi mtu akikuambia mafuriko yameua mkataba, mwulize kwanza: mkataba unataja shamba gani?

Kesi ya viazi ina ndugu yake mdogo. Mwaka 1972 mahakama ya Uingereza ilisikiliza habari za mkulima aliyeahidi tani 275 za shayiri ya shamba lake. Mwaka ulikuwa mbaya, akavuna tani 140. Mwaka mbaya ulipandisha bei pia. Mkulima akaona kwamba kwa kuwa tani 275 haziwezekani, mkataba wote umekwisha, na tani zake 140 akamuuzia mtu mwingine kwa bei nzuri. Jaji akasema hapana. Tani 135 ambazo hazikuota, umesamehewa. Tani 140 ulizokuwa nazo ghalani zilikuwa za mnunuzi wako, naye anaweza kukudai fidia kwa kumnyima.

Sisi tunaipenda kesi hii ndogo kuliko kubwa nyingi, kwa sababu inaonyesha mahali ambapo hila hufanyika. Mara chache muuzaji hukimbia mkataba kwa sababu maji yamemshinda. Mara nyingi zaidi bei imepanda, na maji yamempa kisingizio. Kwa hiyo mtu anapodai nguvu kuu, ulizia bei ya siku ile, na ulizia bidhaa alizokuwa nazo zilikwenda wapi.

Bei ikipanda tu, au njia ikiwa ndefu, hilo halitoshi. Tarehe 4 Oktoba 1956 kampuni moja iliuza tani 300 za karanga za Sudan, zifikishwe Hamburg, Ujerumani, zikipakiwa Novemba au Desemba. Kila mtu alidhani zitapita mfereji wa Suez. Tarehe 2 Novemba vita vikaufunga mfereji, nao haukufunguliwa mpaka Aprili mwaka 1957. Muuzaji hakupakia. Kutoka Port Sudan hadi Hamburg kwa Suez ni maili 4,386. Kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kuteremka pwani yetu yote ya mashariki mwa Afrika na kupanda upande wa pili, ni maili 11,137. Nauli ilifika maradufu. Mkataba ulikuwa na kifungu cha nguvu kuu kilichotaja vita na migomo. Hata hivyo Nyumba ya Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, ilimhukumu muuzaji mwaka 1961. Kilichotakiwa ni kupakia karanga zielekee Hamburg, na meli ziliweza kufika Hamburg. Karanga haziozi kwa wiki chache zaidi baharini. Kuumia mfukoni si kuzuiliwa.

Basi barabara ya lami ikikatwa na mto, na ile ya mzunguko ikiwa inapitika kwa lori, kampuni haijazuiliwa. Imeongezewa gharama.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huwaangusha wauzaji wengi hata wale wenye hoja nzuri, nalo ni taarifa. Vifungu vingi havimwachilii muuzaji papo hapo. Humtaka kwanza amwandikie mnunuzi, kwa muda uliotajwa, aseme ni jambo gani limetokea. Katika mikataba ya kawaida ya chakula cha mifugo iliyotumiwa London miaka ya 1970, kifungu kilichotaja migomo, moto na kuharibika kwa mitambo kilimpa muuzaji siku saba tangu jambo litokee. Muda huo ulirefushwa tu pale kipindi cha kupakia kilipokuwa bado mbali. Akishatoa taarifa, hakuwa huru: alipata mwezi mmoja wa nyongeza. Mwezi huo ukipita, mnunuzi ndiye aliyechagua kufuta au kungoja mwezi wa pili. Mkataba ulikufa tu kama hata mwezi wa pili kupakia kulizuiliwa. Utaona kwamba nia ya kifungu ilikuwa kumpa muuzaji nafasi ya kupumua ili atimize ahadi, na kuiua ilikuwa hatua ya mwisho kabisa.

Mwaka 1973 mto Mississippi wa Marekani ulifurika wakati wa masika yao, na tarehe 27 Juni serikali ya huko ikazuia kusafirisha nje mashudu ya soya. Bei iliruka, na kesi zikaenda London kwa miaka mingi. Katika mojawapo, mwaka 1978, Malodi walieleza tofauti iliyo muhimu kwetu. Pale mkataba uliposema taarifa itolewe "bila kuchelewa", muuzaji aliyechelewa kidogo hakupoteza kinga yake moja kwa moja. Lakini pale ulipotaja siku kwa hesabu, kama siku saba, aliyezipitisha alipoteza kinga yote.

Tuyaweke haya yote mahali pamoja kwa mfano. Kiwanda chetu cha magunia hakina jina, maana tumekichanganya kutoka vingi, na hesabu tumezifanya wenyewe ziwe rahisi. Kimeahidi magunia 60,000, yafike kwa mnunuzi kabla ya tarehe 30 Juni. Kazi imeanza tarehe 1 Mei. Kuna siku 52 za kazi, na mitambo hufuma magunia 1,500 kwa siku. Mei mto unafurika, juti haifiki, siku nane zinapotea. Tarehe 17 Juni wafanyakazi wanagoma siku nne kudai malipo ya saa za ziada za mwezi uliopita. Mwisho wa Juni yapo magunia 42,000. Tarehe 2 Julai meneja anamwandikia mnunuzi kwamba mkataba umezuiliwa na mafuriko na mgomo. Siku ya pili anawatangazia watu langoni kwamba mgomo umeua biashara.

Katibu wa tawi akiwa na penseli na kalenda, anahesabu hivi. Siku 52 mara 1,500 ni magunia 78,000. Mafuriko yalichukua siku nane, yaani magunia 12,000. Mgomo ulichukua siku nne, yaani 6,000. Yakitolewa yote mawili, yanabaki 60,000 kamili, yaleyale yaliyoahidiwa. Hata mto na mgomo vikijumlishwa, kazi ingekwisha. Basi magunia 18,000 yamekwenda wapi? Ni siku 12 za mitambo. Anafungua daftari la zamu, anakuta kwamba tangu katikati ya Mei mitambo ilifuma kwa siku 12 magunia ya mnunuzi mwingine, aliyekuja na bei kubwa zaidi.

Hapo kifungu kimekwisha kuanguka, maana kilichozuia si mto wala mgomo. Lakini tuendelee. Mkataba ulitaka taarifa ndani ya siku saba. Habari za mafuriko zilipaswa kuandikwa Mei, hazikuandikwa. Habari za mgomo zilipaswa kuandikwa kufikia tarehe 24 Juni. Barua ni ya 2 Julai. Na mgomo wenyewe ulikuwa wa malipo ya saa ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzifanya, kiasi ambacho kampuni ingeweza kukitoa siku ya kwanza. Kampuni ile ya Olympia ilishindwa ingawa wafanyakazi wake walidai wasichostahili. Hii ingesimamaje?

Anayeamua kama muuzaji ameepuka mkataba ni mahakama au wasuluhishi waliotajwa humo, na mwenye kulalamika ni mnunuzi. Tawi si sehemu ya mkataba huo na haliwezi kuufungua mahakamani. Lakini kampuni ikitumia mgomo kama sababu ya kupunguza watu, imeileta sababu hiyo mezani kwetu wenyewe, na tunayo ruhusa ya kuomba ithibitishwe: kifungu kisomwe, tarehe ya barua itajwe, daftari la zamu lifunguliwe. Meneja mwenye hoja ya kweli hatapoteza kitu kwa kuonyesha karatasi tatu.

Na mshahara usichanganywe na mambo haya. Kifungu kilichoandikwa kati ya kampuni na mnunuzi kinafungua au kufunga deni lililo kati yao wawili. Siku ambazo mfanyakazi aliitwa kazini akaja, akafuma magunia ya yeyote yule, zinadaiwa chini ya mkataba wake mwenyewe wa kazi na sheria ya kazi ya nchi yake, na maji ya mto wa mwezi Mei hayazifuti. Tumewahi kuona hati ya malipo yenye makato yaliyoandikwa "nguvu kuu". Katibu aliyetuletea alikuwa ameizungushia duara ya wino mwekundu, na kando yake ameandika: kifungu gani?